Bosi ameshanipa majina ya wa kupunguzwa, nianzie wapi?

*Kaka Mshauri, shikamoo.*

*Niko Tabora mjini, kwenye kampuni ndogo inayonunua asali Sikonge na Uyui, inachuja na kufungasha. Tuko wafanyakazi 15. Mimi ndiye msimamizi wa ofisi, kwa hiyo mambo ya watumishi yote yananiangukia ingawa sikuyasomea. Mwaka huu mteja wetu mkubwa wa Dar alisitisha oda, na wakati huohuo mashine ya kujaza chupa tuliyoagiza ikawa imefika. Watu saba wa chumba cha kufungashia sasa wanatosha wanne. Na lori la Dar halisafiri tena, kwa hiyo madereva wawili ni wengi.*

*Mkurugenzi ameniita akanipa karatasi yenye majina manne. La kwanza ni la mama mmoja mfungashaji mwenye miaka tisa kazini, sasa ni mjamzito. La pili ni la kijana mwanachama wa chama cha wafanyakazi cha TUICO, yule aliyeuliza malipo ya saa za ziada. La tatu ni la dada aliyeugua mwaka jana akakosa kazini wiki sita. La nne ni la dereva mmoja. Mpwa wake mkurugenzi, aliyeingia mwaka jana, hayumo. Ameniambia niandae barua za notisi ya siku 28, nizitoe tarehe mosi, halafu niitishe kikao siku hiyohiyo "ili tuwe tumewashirikisha".*

*Kupunguza kweli lazima, hesabu nimeziona mwenyewe. Lakini hii njia inanikosesha usingizi. Nifanyeje iwe ya haki, na nimwambieje bosi?*

*— Msimamizi, Tabora*

Marahaba, dada yangu.

Nianze na hizo barua za tarehe mosi, maana hapo ndipo bosi wako alipochanganya vitu viwili. Kuna notisi mbili katika kupunguza wafanyakazi, na aliyoitaja yeye ni ya mwisho. Notisi ya siku 28 ni ya kusitisha ajira, na anapewa mtu anayelipwa kwa mwezi wakati uamuzi umeshafikiwa. Kabla yake, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai taarifa nyingine: taarifa ya kusudio. Hiyo hutolewa mara tu mwajiri anapoanza kufikiria kupunguza, kabla hajaamua ni nani, na kabla hata hajaamua kwa uhakika ni wangapi. Kati ya notisi hizo mbili ndimo mashauriano yanamokaa. Ukitoa ya pili bila ya kwanza, au ukazitoa asubuhi moja, hujashauriana na mtu.

Niliwahi kukaa upande wa mwajiri kwenye shauri la namna hii, kampuni siitaji. Tulifika mezani na muhtasari wa kikao umechapwa vizuri, na karatasi ya mahudhurio ina saini za wafanyakazi wote. Wakili wetu akaitandaza kama vile imemaliza kesi. Msuluhishi akauliza swali moja tu: barua za kuachishwa zina tarehe gani? Zilikuwa na tarehe ya kikao kilekile. Akauliza tena, hizi saini ni za kukubali au za kuhudhuria? Zilikuwa za posho ya nauli. Tulitoka pale tukitazamana. Tangu siku hiyo, nikipewa jalada la kupunguza watu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni tarehe. Cha pili, naangalia kama kuna hata jambo moja dogo lililobadilika kati ya pendekezo la kwanza la mwajiri na uamuzi wake wa mwisho. Kama hakuna, na hakuna maelezo ya kwa nini hoja za wafanyakazi zilikataliwa, basi kikao kilikuwa cha kupiga picha.

Kwa hiyo karatasi ya bosi iweke kwenye jalada, usiichane wala usiifiche, na umwandikie dokezo fupi kwamba huwezi kuifanyia kazi kwa sababu majina yametangulia vigezo. Dokezo hilo linamlinda yeye pia. Mwelezee kwa lugha ya fedha, maana ndiyo atakayoisikia: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ikiona uachishaji haukuwa wa haki, inaweza kuamuru mtu arudishwe kazini, au alipwe fidia inayohesabiwa kwa mishahara ya miezi mingi, juu ya stahiki zake za kawaida. Kwa watu wanne hiyo inaweza kuzidi bei ya mashine yenyewe.

Sasa taarifa ya kusudio. Iwe ya maandishi, na isiwe na jina la mtu yeyote. Kwa hali yenu ningeiandika hivi:

*"Kampuni inatafakari kupunguza nafasi za kazi kwa sababu oda ya mteja mkuu imesitishwa na mashine ya kujaza chupa imeanza kutumika. Tunakadiria nafasi zitakazoathirika ni tatu katika chumba cha kufungashia na moja ya udereva. Uamuzi haujafanyika. Tunawaalika kwenye mashauriano kuhusu sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi hiyo, vigezo vya kuchagua watakaoathirika, muda wa utekelezaji, na malipo ya kiinua mgongo. Kikao cha kwanza ni Ijumaa saa nne asubuhi. Nakala za mauzo ya miezi kumi na miwili, gharama za mishahara na maelezo ya uwezo wa mashine zimeambatishwa."*

Mambo hayo matano, yaani sababu, njia za kuepuka, vigezo, muda na kiinua mgongo, ndiyo sheria inayoyataja, kwa hiyo usiache hata moja. Na viambatisho si pambo. Mtu hawezi kushauri juu ya hesabu asizoziona. Najua bosi atasema mauzo ni siri ya kampuni. Siri za kweli, kama bei mnayomuuzia mteja fulani, unaweza kuzifunika kwa kalamu nyeusi. Lakini mteremko wa mauzo na jumla ya mishahara lazima vionekane, la sivyo sababu yenu inabaki kuwa maneno matupu.

Barua iende kwa nani? Hapa wengi hujikwaa. Mnaweza kudhani kwamba kwa kuwa TUICO haina wanachama wengi hapo kwenu, na hamna makubaliano nayo, basi haiwahusu. Inawahusu. Chama kilichosajiliwa chenye hata mwanachama mmoja kati ya wafanyakazi wasio na chama kinachotambuliwa kazini, kinapaswa kupewa taarifa na kushirikishwa. Kijana wako ni mwanachama, kwa hiyo peleka barua ofisi ya TUICO, igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Waliobaki ambao hawana chama, mnashauriana nao wenyewe. Kwa watu 15 hilo si kazi kubwa, wanaenea kwenye chumba kimoja. Ila yule aliye likizo au kliniki siku hiyo mtafute, mpe barua yake mkononi.

Utaniuliza mashauriano yachukue siku ngapi. Sheria haijaweka idadi ya siku kwa hatua hiyo. Inategemea uzito wa jambo na uharaka wake. Kama benki inakuja kesho kufunga milango, mashauriano mafupi yanaeleweka. Ninyi hamko hapo. Mashine mmeshainunua na mishahara ya miezi miwili mitatu bado mnaimudu. Ningetenga wiki tatu mpaka nne, vikao vitatu. Kikao cha kwanza ni cha kusikiliza sababu na kuuliza maswali. Cha pili ni cha kupokea mapendekezo yao na kujadili vigezo. Cha tatu ni cha ninyi kujibu kila pendekezo, mnakubali lipi na mnakataa lipi kwa sababu gani. Majibu hayo yaandikwe.

Usidharau kikao cha pili. Wafungashaji wanaijua kampuni kwa namna ambayo bosi haijui. Anaweza kusimama mmoja akasema, mimi nipo tayari kuondoka, nina shamba Urambo, nipeni changu nianze. Huyo ni mtu mmoja aliyetoka bila kuonewa. Mwingine atauliza kwa nini vibarua wa kubeba ndoo bado wanaitwa kila Jumatatu huku wenye mikataba wanapunguzwa; hilo ni swali zuri na lazima mlijibu. Wanaweza kupendekeza wote saba wafanye siku nne kwa wiki mpaka msimu ufunguke. Si lazima mkubali. Lakini kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka mwajiri aoneshe kwamba aliyafikiria mambo kama kuhamishia mtu kazi nyingine, kustaafu mapema, kuondoka kwa hiari na kusimamisha kazi kwa muda, kabla hajafikia kuachisha. Upande wa hiari weka sharti mapema kwamba kampuni inaweza kumkatalia mtu ambaye ujuzi wake hauna mbadala, ili baadaye isionekane mmembagua.

Tuje kwenye vigezo, ambako ndiko moyo wako unakouma. Mkikubaliana na wafanyakazi juu ya vigezo, mnatumia hivyo. Msipokubaliana, ninyi mnachagua, lakini viwe vya haki na vinavyopimika. Kinachokubalika zaidi ni cha wa mwisho kuingia kuwa wa kwanza kutoka. Hakina upendeleo, na barua za ajira zinamaliza ubishi. Kinaruhusu kuzingatia pia ujuzi maalumu, uzoefu, sifa za kitaaluma na haja ya kubaki na nafasi muhimu, ila hizo tofauti zinatazamwa kwa jicho kali kwa sababu ndimo upendeleo unamojificha.

Ngoja tukifanyie kazi chumba chako cha kufungashia. Nitawaita watu saba kwa herufi, na miaka ya wale ambao hukuwataja nitaikisia. Wewe utaweka ya kweli. A ni mama wa miaka tisa. B ana miaka saba na ndiye anayejua kupima unyevu wa asali kwa kile kioo. C ana mitano. D ni kijana wa TUICO, minne. E ni dada aliyeugua, mitatu. F ana miwili, na alipelekwa Dar siku tano kufundishwa mashine. G ni mpwa, mwaka mmoja na miezi miwili. Kwa kanuni ya wa mwisho kuingia pekee, wanatoka G, F na E. Ulinganishe na karatasi ya bosi: A, D na E. Ni E peke yake anayeonekana kote kuwili. Hapo tu shauri lingeshaanza kunuka.

Bosi atakwambia, F nikimwondoa nani ataendesha mashine? Hoja hiyo ina uzito, lakini ipime. Ujuzi wa F ulipatikana kwa siku tano. Kitu ambacho A au C anaweza kufundishwa kwa siku tano hakiwi ujuzi maalumu wa kumvusha mtu juu ya wenzake wenye miaka mara mbili yake. Ingekuwa ni B na kipimo chake cha unyevu, na inachukua msimu mzima mtu kuzoea kusoma na kuamua ndoo ipi irudi, ningekubali bila ubishi. Swali la kujiuliza ni hili: nikimwondoa huyu leo, itachukua muda gani na fedha gani kumpata mwingine? Jibu likiwa "wiki moja", kifute kigezo hicho.

Kama wafanyakazi wenyewe wanapendelea alama badala ya miaka tu, fanyeni jedwali dogo. Kila mwaka kamili wa utumishi alama moja, isizidi kumi. Kila kazi kati ya hizi nne, yaani kuchuja, kupima unyevu, kuendesha mashine na kuhesabu stoo, anayoweza mtu kuifanya peke yake, alama mbili. Onyo la maandishi ambalo muda wake haujaisha, toa mbili. Tuseme A anajua kuchuja na stoo: tisa na nne, kumi na tatu. B anajua kuchuja, unyevu na stoo: saba na sita, naye kumi na tatu. C anajua kuchuja tu, anapata saba. D, kuchuja na stoo, nane. E, kuchuja, tano. F, kuchuja na mashine, sita. G, stoo, tatu. Hakuna mwenye onyo. Wanatoka G, E na F, walewale.

Lakini ona kinachotokea ukibadilisha kitu kimoja. Bosi akisema mashine iwe na alama nne badala ya mbili kwa sababu ndiyo "moyo wa kiwanda", F anapanda kufikia nane, na C mwenye miaka mitano, aliyekuwa salama, anaanguka. Alama mbili zimehamisha riziki ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Ndiyo maana uzito wa alama huamuliwa na kuandikwa kwenye muhtasari kabla hujafungua mafaili ya watu, na ukishaandikwa haubadilishwi. Nimeona jedwali ambalo lilikuwa na rangi tatu na desimali, ila mwandishi alilipanga akianzia jina la mwisho kwenda juu. Likaonekana la kisayansi mpaka mtu alipouliza kwa nini "mtazamo chanya" kilikuwa na alama ishirini. Vigezo kama utiifu, moyo wa kazi, au kuelewana na uongozi vikatae kabisa. Havipimiki, na kwa kijana aliyeuliza malipo ya saa za ziada vina maana moja tu.

Kuna vigezo vingine ambavyo kwa sura ni safi lakini tumboni vina sumu. Mahudhurio ni kimojawapo. Ukitoa alama kwa siku alizokosa mtu, siku za E za ugonjwa zenye karatasi ya daktari na siku za likizo ya uzazi za mtu yeyote ziondoe kwanza, kwa sababu ni haki yao. Zikishaondolewa, mara nyingi utakuta kigezo chenyewe hakina kilichobaki, basi ukiache. Vilevile mtu akisema tuondoe wanaofanya nusu siku, tazama ni kina nani. Wakiwa wote ni akina mama wenye watoto wachanga, umewabagua bila kulitaja neno mwanamke.

Kuhusu A, nikuweke sawa upande wa pili pia. Ujauzito haumkingi mtu asipunguzwe. Kama vigezo vya haki vingemwangukia, angetoka kama wengine. Kisichoruhusiwa ni ujauzito kuwa sababu, au kuwa miongoni mwa sababu, na hakuna kigezo ambacho kinaweza kuhalalisha hilo. Uanachama wa chama cha wafanyakazi ni vivyo hivyo. Kwa A hapa swali hata halifiki mbali: mwenye miaka mingi kuliko wote hawezi kuwa wa kwanza kwenye orodha kwa kigezo chochote ninachokijua. Ukiulizwa ni kwa nini alikuwemo, utajibu nini?

Madereva ni rahisi zaidi, nisikuchoshe. Wako wawili, wote wanashindanishwa. Usimchukue mmoja kwa kuwa cheo chake kinaitwa dereva wa pili. Tazama miaka, daraja la leseni na rekodi ya ajali. Na hoja kwamba fulani "anaijua njia ya Dar" haina kazi tena, maana njia hiyo ndiyo iliyofungwa.

Kutoa alama kusifanywe na mtu mmoja. Uwe wewe na msimamizi wa chumba, kila mmoja ajaze peke yake, kisha mlinganishe. Mkurugenzi asijaze, kwa kuwa mpwa wake yumo. Kila mfanyakazi aoneshwe alama zake mwenyewe na apewe siku tatu nne za kupinga. Utashangaa: mara nyingi wanachopinga ni kitu cha kweli, kama tarehe ya kuajiriwa iliyoandikwa vibaya, au mtu aliyeanza kama kibarua miezi minane kabla ya kupewa mkataba. Na kama mmepata yule wa hiari, tuseme ni C ndiye mwenye shamba Urambo, basi wanaotoka kwa alama ni wawili tu, G na E, na F anabaki na mashine yake. Bosi angepata alichokuwa anakitaka, lakini kwa mlango wa mbele.

Mpwa akitoka, usishangae akitengenezewa cheo kipya cha "ofisa masoko" wiki inayofuata. Nafasi mpya ikiwepo kweli, itangazwe kwa wote walio hatarini ndani ya kipindi cha mashauriano, na E aruhusiwe kuiomba. Ikizuka baada ya watu kuondoka, itageuka ushahidi kwamba hakukuwa na haja ya kupunguza.

Kama mashauriano yatakwama, msitoe barua kwa hasira. Suala linapelekwa Tume kwa usuluhishi, ambao una siku 30, na katika muda huo mnasubiri. Mara nyingi msuluhishi huwasaidia kukubaliana juu ya malipo hata kama juu ya vigezo mmeshindwana.

Mkishamaliza ndipo zinapotoka zile barua za siku 28. Ziandike sababu na tarehe. Usimpe mtu notisi akiwa likizo, wala usizihesabu siku za likizo kuwa ndizo za notisi. Mnaweza kulipa mshahara wa siku hizo badala ya mtu kuzifanya kazi, lakini ningependa wabaki wakilipwa huku wakipewa muda wa kutoka kutafuta kazi.

Malipo nayataja kwa ufupi kwa sababu utayakuta yana mpangilio. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka kumi, kwa aliyetimiza angalau miezi 12. Kwa wanaofanya kazi siku sita kwa wiki, siku moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 26. Mtu wa shilingi 390,000 ana 15,000 kwa siku, kwa hiyo 105,000 kwa mwaka. E kwa miaka mitatu anapata 315,000, na G, ingawa ana mwaka na miezi miwili, anahesabiwa mmoja. Si fedha nyingi, ndiyo maana kiasi hicho ni cha chini na mnaruhusiwa kujadili zaidi ya hapo. Ongeza mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na kama mlimwajiri kutoka mbali, tuseme Kigoma, nauli yake na ya mizigo yake kurudi huko. Mpe cheti cha utumishi, na hakikisha barua inasema wazi kwamba amepunguzwa kwa sababu za kampuni, kwa sababu ataihitaji akienda NSSF.

Jambo moja la kuongeza. Kwenye makubaliano wekeni mstari kwamba oda ikirudi, wale waliopunguzwa wataitwa kwanza kwa kazi wanazoziweza, ndani ya mwaka mmoja, mradi wameacha namba zao za simu. E anaijua asali yenu. Kumfundisha mtu mpya kuchuja bila kuingiza mapovu kunachukua muda zaidi ya ule wa kujifunza mashine.

Na waliokwisha kuachishwa bila haya yote, kama wapo wanaosoma safu hii: siku zenu za kufungua mgogoro wa kuachishwa Tume ni 30 tangu ajira ilipositishwa. Msizimalize kwa kusubiri bosi apige simu.

Wewe dada, Jumatatu anza na ile barua ya kusudio. Wakati mkurugenzi anaisoma ili aweke saini, muulize A, D na E waliingiaje kwenye karatasi yake. Akijibu kwa kigezo, kiandike, mkakijadili kikaoni. Akijibu kwa jina, utajua una kikao kingine cha kufanya naye kabla ya Ijumaa.